Malalamiko: rejesho la Machi mlilokuwa nalo mkononi, na mlivyomtendea mama yangu

Doha, 20 Mei 2024

Kwa Meneja Mkuu, Makao Makuu, Kampala
Nakala: Meneja wa Tawi, Arua

KUH: FAINI ZISIZO HALALI, FEDHA ZA PAA ZILIZOZUIWA, NA KUDHALILISHWA KWA MDHAMINI WANGU

Mheshimiwa,

Salamu kwanza. Naandika kwa adabu kwa sababu nimelelewa hivyo. Barua pepe zangu kwa tawi lenu hazijajibiwa, na kwenye simu naambiwa nisubiri afisa mikopo arudi ofisini, au atoke likizo.

Rejesho langu la Machi la mkopo wa ujenzi, shilingi 892,000, lilitakiwa kufika kabla ya Jumapili tarehe 31. Nililituma Jumatano tarehe 27 kwa sababu nilijua Pasaka inakuja na benki zingefungwa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Fedha ziliingia kwenye akaunti yenu ya benki Alhamisi tarehe 28. Ninayo MT103, hati ya benki inayoonyesha uhamisho huo, na nimeiambatanisha. Duka la fedha la hapa hutuma kwa jina lake, si kwa jina la mfanyakazi, kwa hiyo jina langu huwezi kuliona mahali pa mtumaji. Ndiyo maana namba ya mkopo huandikwa kwenye maelezo ya malipo, uwanja wa 70. Imeandikwa pale, tarakimu zote. Mtu wenu alitazama jina la mtumaji, hakulitambua, akaziweka fedha kwenye akaunti mnayohifadhia malipo yasiyojulikana ni ya nani. Zikalala humo. Huku kwenye kitabu cha mkopo wangu mkaandika kwamba sijalipa.

Alhamisi tarehe 4 Aprili mkamwita mama yangu tawini, kama mdhamini. Ilikuwa bado Ramadhani na mama alikuwa amefunga. Afisa wenu akamwambia mbele ya wateja kwamba mwanawe amekula hela za watu na anajificha Uarabuni, na kwamba kiwanja kitauzwa Jumatatu. Siku hiyo fedha zangu zilikuwa na wiki nzima ndani ya akaunti yenu.

Kutoka hapo mkatoza faini ya asilimia 5 ya rejesho, yaani shilingi 44,600. Mwezi wa Aprili nikatuma tena 892,000 kamili, zikafika mapema. Mkakata faini kwanza, rejesho likabaki 847,400, mkasema Aprili nayo imepungua, mkatoza faini nyingine ya kiasi kilekile juu ya rejesho zima. Kwa hesabu hiyo nitakuwa mdaiwa sugu hadi mkopo uishe, hata nikilipa kila mwezi bila kukosa, kwa sababu kila rejesho linaanza kwa kuliwa na faini ya rejesho lililotangulia. Na yote yanatokana na siku mlizoshindwa kusoma mstari mmoja.

Sasa paa. Mnajua mkataba wenu: awamu ya kwanza msingi, milioni 6, ya pili kuta hadi linta, milioni 8, ya tatu paa, milioni 10. Katikati ya Machi afisa wenu alifika kiwanjani, akapanda kwenye jukwaa la fundi, akapiga picha linta ikiwa imekauka, akasema kazi ni nzuri na fedha za mbao na mabati zingetoka rejesho la Machi likiingia. Liliingia. Hazikutoka hadi leo. Kuta zile ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Saruji ipo kwenye msingi na linta tu, kama wanavyojenga wengi kwetu, na afisa aliyaona hayo kabla ya kuidhinisha. Ukuta wa namna hiyo haukai wazi msimu wa mvua. Fundi amenitumia picha: udongo wa viungo umeoshwa upande wa magharibi, na pembe ya chumba cha mama imepasuka kuanzia dirishani kwenda juu. Amefunika kwa maturubai aliyoazima.

Narudi kwa mama, maana hili sijalimaliza na sitaki mlipite haraka.

Jirani zake humwita Hajati. Alivaa nguo yake ya Ijumaa kwenda tawini kwenu, akidhani anaitwa kusaini fedha za paa. Aliachwa kusimama kwenye foleni wakati viti vipo. Afisa hakumwingiza chumbani. Alisimama nyuma ya kaunta akapaza sauti, “Wewe mama, mwanao amekula hela za watu, anajificha Uarabuni.” Akamwamuru anipigie simu na kuweka sauti ya nje, ukumbi mzima usikie. Nilikuwa kazini, nikapokea. Nikasema fedha ziliingia tarehe 28, naomba niisome namba ya muamala. Akanijibu kwamba mfumo hauoni kitu, kisha akamgeukia mama: kiwanja kitauzwa Jumatatu. Nikamsikia mama akiomba, “Mwanangu, punguza sauti, watu wananijua.” Kisha akapewa karatasi ya Kiingereza. Mama anasoma Kiswahili na Kiarabu. Hakuna aliyemsomea. Alisaini kwa sababu alitaka kutoka mle ndani.

Karatasi hiyo inasema nini? Nimeiomba na sijapewa. Kama ni ya kukubali kiwanja kiuzwe, Sheria ya Rehani ya 2009 mnaijua kuliko mimi: notisi ya maandishi ya kushindwa kulipa, siku 45 za kazi za kurekebisha, kisha notisi ya kuuza na siku 21 za kazi nyingine. Hakuna “Jumatatu” ndani ya sheria hiyo.

Nilipoanza kuandika nilitaka mambo matatu: mfute faini zote mbili, mtoe milioni 10 za paa, mumrudishie mama karatasi ile. Lakini nilipokuwa nakusanya taarifa za mkopo nimeona jingine. Riba ya asilimia 20 kwa mwaka mmeihesabu juu ya milioni 24 zote tangu Novemba, wakati mlikuwa mmetoa milioni 6 tu. Mwezi wa kwanza mlinitoza riba ya 400,000. Kwa fedha nilizopokea ilipaswa kuwa 100,000. Hadi leo nawalipia riba ya milioni 10 zilizo mikononi mwenu, zaidi ya laki moja na nusu kila mwezi, huku mvua ikishusha kuta ambazo fedha hizo zingezifunika. Nataka hesabu yote ifanywe upya kuanzia siku ya kwanza na ziada irudi kwenye mkopo. Nataka mlipe gharama ya kurekebisha ukuta kwa makadirio ya fundi. Na afisa yule aombe radhi kwa mama kwa sauti, ukumbini palepale, si kwa simu.

Nawapa hadi Ijumaa tarehe 31 Mei. Nitaendelea kulipa kila mwezi, kwa hiyo msitafute sababu hapo. Nisipojibiwa kwa maandishi, barua hii na MT103 vinakwenda UMRA, inayosimamia kampuni za mikopo kama yenu, na wakili wa Arua ataomba mahakama izuie mkono wenu juu ya kiwanja. Kambini kwetu wapo Waganda waliokuwa wamejaza fomu zenu za mkopo wa ujenzi kwa sababu mimi niliwaambia ninyi ni watu wa kuaminika. Nimewaomba wasubiri. Tarehe 1 Juni nitawaonyesha karatasi zote, na mkopo wangu nitauhamishia kwingine, mtake msitake.

Wenu katika kudai haki,
Mkopaji wa mkopo wa ujenzi, Tawi la Arua

Viambatanisho: MT103 ya 28 Machi 2024, taarifa ya mkopo, picha za ukuta