Namba za wateja: tuziombe, tusizichukue

Habari za jioni ndugu zangu. Jana dada mmoja wa vitenge aliniambia ametuma tangazo kwa namba 60 na waliojibu ni 3. Tulipoangalia, nyingi alizitoa kwenye meseji za malipo ya mobile mani. Jamani, mtu aliyelipa kwa simu hajakuruhusu umtumie matangazo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inataka ridhaa yake, na inampa haki ya kukukataza.

Halafu, kwenye WhatsApp ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akiwa bado dukani, mwambie: "Mama, nikipata mzigo mpya nikujulishe? Basi hifadhi namba yangu."

Akikubali, andika kwenye daftari jina, namba, alichonunua, tarehe, na kwamba amekubali. Hapo kwenye "alichonunua" ndipo penye biashara. Aliyechukua kitenge cha gomesi mwezi wa tatu humtumii habari za mashuka. Andika hivi:

"Shikamoo mama, ni Zuhura wa vitenge. Vimeingia vya nta, yadi 6, shilingi 60,000. Ukitaka nisikutumie tena, jibu ACHA."

Weka bei ya kweli, na usiseme vimebaki viwili ilhali una robota zima. Mara moja au mbili kwa mwezi inatosha. Akijibu ACHA, mfute siku hiyohiyo.