Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: picha za vidonda zilizomo kwenye simu zetu

Daktari, shikamoo. Mimi ni nesi wa chumba cha vidonda. Rasimu ya mwongozo wa picha uliyotuletea tumeisoma wote, na sehemu ya kufuta ina mstari mmoja tu, "picha ifutwe baada ya matumizi". Naandika hadharani kwa sababu najua manesi wengi huko waliko wanafanya kama mimi, na mstari huo hautoshi kabisa.

Mwaka jana nilipiga picha kidonda cha mama mmoja wa kisukari, kisigino cha kushoto, nikamtumia daktari wa zamu kwa WhatsApp, akajibu, nikaifuta kwenye galari nikajua nimemaliza. Miezi imepita, mwanangu anachezea simu yangu ya zamani nyumbani akaja mbio ananiuliza mama huyu kafanya nini mguu. Nilishtuka sana. Kumbe nilifuta kwenye galari ya simu mpya tu, wakati Google Photos ilishaipandisha picha kwenye akaunti yangu usiku ule ule, na simu ya zamani bado inatumia akaunti hiyo hiyo. Yule mama alikubali nipige picha ili daktari aone, hakukubali mtoto wangu aone.

Kwa hiyo daktari ukisema "ifutwe" taja ni wapi. Kuna galari, kuna akaunti ya Google Photos, halafu kuna Trash yake ambako picha iliyopandishwa inakaa siku 60 na isiyopandishwa siku 30, usipoiondoa mwenyewe mapema. Kwa sisi wa Android kuna pia folda ya WhatsApp inayoitwa Sent, ile inatunza nakala ya kila ulichotuma na kwenye galari huioni, mpaka uingie kwenye mafaili. Na ipo simu ya aliyepokea, maana ukibonyeza Delete for everyone na yeye simu yake ilishaihifadhi kwenye galari, kwake inaweza kubaki. Bora kabisa wodi ipewe simu moja ya kazi, haina akaunti ya mtu, haitoki getini, ila mpaka ipatikane tuambieni tuzime backup kabla ya kupiga picha, sio baada.

Lakini pia tusifute haraka mno. Picha ni sehemu ya faili la mgonjwa kama ilivyo karatasi ya vipimo, ihamishwe kwanza kwenye kompyuta ya rekodi, ifunguliwe ionekane imefunguka vizuri na iko kwa mgonjwa sahihi, ndo ifutwe kwenye simu. Nimeona mtu anafuta halafu faili kule halifunguki, na kidonda kilishasafishwa, hakuna cha kulinganisha tena.

Kuhusu utambulisho, rasimu inasema jina lisionekane, sawa, ila haijasema kiwekwe nini badala yake. Siku moja zilitumwa picha mbili za miguu ya kushoto, wagonjwa wawili, vitanda jirani, hazina alama yoyote. Jibu likarudi "huyu wa pili aandaliwe theatre", na daktari alizipokea kwa mpangilio mwingine. Tulishtuka wakati tunafungua bandeji, kidonda kinachoandaliwa kilikuwa chekundu kisafi, na picha ilikuwa na nyama nyeusi. Kipande cha karatasi kingetosha, namba ya faili, tarehe, upande na sehemu ya mwili, pembeni kina mistari ya sentimita, kinawekwa kando ya kidonda bila kukigusa na kinatupwa hapo hapo. Simu iwe juu moja kwa moja, maana ukipiga kwa kuinamisha kidonda kinaonekana kidogo kuliko kilivyo na wiki ijayo utadhani kimekua. Na uso, tatuu au kitenge cha mgonjwa visiingie, mtaani watu wanatambuana kwa kitenge.

Ridhaa nayo tusiiunganishe. Kuna kukubali picha iingie kwenye faili, na kuna kukubali ionyeshwe wanafunzi, aulizwe kila moja peke yake, kabla bandeji haijafunguliwa, maana akishalala mguu wazi anauma meno hawezi kukataa chochote. Akikataa tunachora na kupima kwa rula, matibabu yanaendelea vile vile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo hatuombi upendeleo hapa.

Naomba mstari ule ubadilike usomeke hivi: "Picha ihamishiwe kwenye faili na kuhakikiwa kabla ya zamu kuisha, kisha iondolewe kwenye galari, Trash, akaunti ya backup, folda ya Sent na simu ya aliyepokea, na aliyetuma na aliyepokea wote wasaini." Nafasi ya saini ipo chini ya fomu ya vidonda, nimeipima, inatosha.

Wako,
Nesi wa chumba cha vidonda