Chungwa la kijani si lazima liwe bichi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kuwa aliuziwa machungwa mabichi, eti kwa sababu yalikuwa na kijani kuzunguka kikonyo. Mwenyewe amekiri kuwa ndani yalikuwa matamu na yamejaa maji. Sasa ubichi uko wapi?

Ganda lina saa yake na nyama ina yake. Utamu huja kadiri tunda linavyokaa mtini, sukari ikipanda na ukali ukipungua. Rangi ya ganda husubiri baridi: usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, klorofili, yaani ile rangi ya kijani ya majani, huvunjika na rangi ya chungwa hujitokeza. Pasipo na baridi hiyo, tunda huweza kuiva kabisa likiwa bado la kijani.

Kinachomchanganya mwenzangu nadhani ni aina ya Valencia, ambayo hukaa mtini zaidi ya mwaka tangu kuchanua. Mahali penye majira ya baridi, Valencia hugeuka rangi wakati huo, lakini mkulima haichumi kwa kuwa bado ni kali. Joto linaporudi mti huchipua na kuchanua upya, tunda la zamani likiwa bado linaning'inia. Ganda lake ni hai, hivyo seli zake huanza tena kutengeneza klorofili. Kijani huanzia kwenye kikonyo na kuteremka. Mbolea nyingi ya naitrojeni huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo chungwa lililorudia ukijani mara nyingi ndilo lililokawia mtini, na utamu wake umeongezeka, si kupungua.

Wauzaji wakubwa hulifungia tunda kwenye chumba chenye gesi ya ethilini ili kijani kifutike. Hilo ni kwa ajili ya macho tu. Chungwa si ndizi. Likishachumwa haliivi zaidi. Gesi ikizidi, kile kifuniko cha kikonyo hudondoka, na uozo huingilia hapo hapo.

Kuhusu kuoza, kijani cha ukungu hukaa juu ya ganda kama unga, kikiwa na ukingo mweupe, na chini yake pamelainika. Ukipangusa, unga hubaki kidoleni. Kijani cha klorofili hakipanguki, na ganda lake ni gumu. Dalili ya kutilia shaka ni nyingine: tunda dogo, limepinda upande mmoja, kijani kimebaki kitakoni badala ya kuanzia kikonyoni, na ladha ni chungu. Hapo huenda mti wenyewe unaugua.

Lakini ubichi hasa hauonekani kwa jicho. Kabla ya kununua kapu zima, mwombe muuzaji akukatie moja uonje.

Msomaji wenu