Barua kwa Mwanangu: Ruhusa ya Arobaini ya Bibi

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu Rehema,

Asalaam alaikum. Huku hatujambo. Arobaini ya bibi yako itasomwa Jumamosi ya wiki ijayo baada ya alasiri, na nataka uwepo. Mama wa mwenzio anayekuja kuwatembelea Jumapili nimempa barua mbili, hii yako na nyingine ya matroni. Ya matroni nimeandika hivi:

"Naomba mwanangu Rehema, Kidato cha Tatu B, aruhusiwe kuja nyumbani Temeke kwenye hitma ya arobaini ya bibi yake mzaa mama. Mjomba wake atamchukua Ijumaa tarehe 14 saa tisa alasiri, baada ya vipindi, na kumrudisha Jumapili tarehe 16 kabla ya saa kumi na moja jioni. Jina la mjomba na namba yake ya NIDA ziko hapa chini. Kwa uthibitisho, tafadhali mpigie baba yake kwa namba iliyomo kwenye fomu ya kujiunga."

Sikutaka kuandika "shida ya kifamilia" tu. Matroni kasoma barua za namna hiyo mpaka kachoka, na nyingine (unawajua wenzio) zimeandikwa bwenini kwa mkono wa mwanafunzi. Ndiyo maana nikataka apige simu, tena kwa namba ambayo shule inayo tangu siku ulipopokelewa, siyo niliyoiandika mimi leo. Baba yako yuko Mtwara kikazi lakini nimeshamwambia asiache kupokea namba ngeni.

Mjomba ndiye aliyenipa kazi. Sote tunamwita Side, na wewe ukiulizwa getini utasema "mjomba Side". Kitambulisho chake kinasema Saidi, na majina mengine mawili ambayo hata mimi nilikuwa sijawahi kuyasikia. Nimemwambia anitumie picha ya kadi, nikanakili herufi kwa herufi. Mlinzi akiona jina la kwenye barua halifanani na la kwenye kadi, hakutoi, na ana haki.

Barua yangu peke yake haikutoi shuleni. Matroni akiridhika ataipeleka kwa mwalimu wa zamu, ndipo uandikiwe kibali. Kwa hiyo Alhamisi mkumbushe kwa adabu, usingoje Ijumaa mjomba akiwa amesimama juani. Ukitoka, hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha ruhusa. Kibali usikitupe, utakionyesha tena ukirudi. Na Jumapili usipite moja kwa moja kwenda kulala: matroni asipokuandika kwamba umerudi, wakihesabu usiku wewe ni mtoro, hata kama umejifunika shuka kitandani kwako.

Toka na sare ya shule. Baibui lako liko kwangu, nimeshalipiga pasi. Daftari la hesabu njoo nalo, maana Jumapili asubuhi hakuna shughuli.

Mama yako