Mwenye fremu ananiuzia na vigae nilivyoweka mimi

Shangazi, shikamoo. Nisamehe kama nitachanganya mambo, usiku kucha nimepiga hesabu na kila nikimaliza napata jibu jingine.

Fremu za Kirumba, pale karibu na mwaloni, unazijua. Nauza nyavu, kamba, maboya na taa za sola za wavuvi wa dagaa. Mzee mwenye fremu ameamua kuuza, na amenifuata mimi kwanza. Heshima hiyo siikatai. Lakini anataka milioni 70, na nilipomuuliza mbona ya jirani imeuzwa kwa 62, alinyoosha fimbo yake akaniambia, "Mwanangu, tazama vigae hivyo, tazama dari, tazama geti." Shangazi, vigae nimeweka mimi! Nilipoingia palikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka. Dari ni langu, geti la chuma nimelichomelesha mimi, mita ya LUKU ya peke yake nimeihangaikia mimi. Nilipomwomba tuandike kwenye mkataba kwamba gharama ile ikatwe kwenye kodi, alisema sisi ni familia, weka tu. Sikuwa mjinga, mtu mzima wa umri wa baba yangu akikwambia hivyo utamjibu nini?

Baba watoto anasema ninunue. Hesabu yake ni fupi: kodi laki tano kwa mwezi ni milioni 6 kwa mwaka, miaka kumi ni 60. Ongeza kumi tu, fremu yako. Anasema kupanga ni kumwaga maji ziwani. Amelisema hilo mbele ya shemeji zangu, na wote wakanitazama mimi kana kwamba miaka yote hii nimekuwa nikitapanya pesa ya nyumba. Pesa ya duka hili ndiyo iliyosomesha watoto.

Na hesabu yake haijakamilika. Mzee hupandisha kodi asilimia 10 kila baada ya miaka miwili, hajawahi kuruka. Ukiipandisha hivyo, miaka kumi si 60, ni milioni 73. Halafu kuna kodi ya zuio ya asilimia 10. Kisheria hiyo ni ya mwenye nyumba, mimi kazi yangu ni kuikata na kuipeleka TRA, lakini mzee anataka laki tano yake kamili mkononi, kwa hiyo inatoka kwangu juu ya kodi. Hapo weka milioni 8. Weka na ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia 1. Jumla ni kama milioni 82. Hata kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ninayonunua mimi mpangaji. Kwa hiyo usifikiri natetea kupanga, naujua uchungu wake kuliko yeye.

Sasa kununua. Tuna milioni 30, na zote ziko kwenye mzigo. Arobaini ni mkopo. Benki imetupa riba ya asilimia 17 kwa miaka mitano, rejesho ni 994,000 kila mwezi, na mwisho wa mkopo tutakuwa tumelipa karibu milioni 60 kwa arobaini tuliyochukua. Ongeza mwanasheria, mthamini, ushuru wa stempu wa uhamisho, ada na bima ya mkopo, nimeweka milioni 3 na nusu. Kodi ya ardhi, rangi, bati na matengenezo ya miaka kumi, milioni 4. Jumla ni 97. Ni zaidi ya kupanga kwa milioni 15, lakini hapo baba watoto ananikatisha: "Ukipanga, mwaka wa kumi una nini? Mimi nina fremu." Na ni kweli. Hata ikiuzwa kwa bei ileile ya 70, kukaa pale miaka kumi kunakuwa kumetugharimu milioni 27 tu, mbele ya 82. Nikifika hapo namwona yeye ndiye mwenye haki.

Halafu nakumbuka mzigo. Ile 30 ikitoka dukani, nyavu zitapungua, na mvuvi akikosa saizi ya tundu anayoitaka hasubiri, anavuka barabara. Mzigo wa 30 ukiniachia faida safi ya asilimia 15 kwa mwaka, na hiyo ni ya kawaida kwangu, ni milioni 4 na nusu. Miaka kumi ni 45. Ukiijumlisha na ile 27 unapata 72, na ule mwanya mkubwa aliouona yeye umebaki milioni 10. Yeye anasema baada ya mwaka wa tano hakuna rejesho wala kodi, pesa itarudi kwenye mzigo. Sawa, lakini miaka mitano ya kwanza tutakuwa tunatoa karibu mara mbili ya tunachotoa sasa. Na wewe unajua biashara ya dagaa: mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, duka linakuwa kimya kwa siku kadhaa. Mzee nikimwambia ngoja giza lirudi, anangoja. Benki haiangalii mwezi.

Tena hati yenyewe. Nilikwenda kuitazama ofisi ya ardhi, hakuna aliyenituma. Ni ya miaka 33, ilianza 2001, kwa hiyo inaisha 2034, kabla miaka yetu kumi haijaisha. Wananiambia inahuishwa, na huenda ni hivyo, lakini ile 70 ya kuuzia mwishoni inategemea karatasi ambayo wakati huo itakuwa imekwisha muda. Nani atainunua kwa bei hiyo kabla haijahuishwa? Ndiyo maana benki imesema fremu peke yake haitoshi, inataka na nyumba yetu ya Buhongwa iwe dhamana.

Nyumba tunayolala, Shangazi. Na kwa kuwa ni nyumba ya familia, benki haiwezi kuiweka rehani bila ridhaa yangu. Fomu iko mezani hapa, sehemu yangu ndiyo imebaki. Fremu itaandikwa jina la baba watoto peke yake, anasema ndivyo inavyokuwa, kwani kuna tofauti gani. Sijamjibu. Sisemi ana nia mbaya, ni mtu mwema, nisieleweke vibaya. Lakini duka ni la nani?

Naitaka fremu ile. Nisiponunua atakuja mwingine, atanipa notisi, na vigae vitabaki naye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko milioni zote. Wakati mwingine nasema bora nihamie Igoma kwenye kodi ndogo nianze upya, halafu nakumbuka mvuvi akishusha dagaa pale mwaloni hapandi daladala hadi Igoma kutafuta nyavu.

Nilifikiri nimwambie mzee ashushe hadi 62, zile 8 ziwe za vigae, dari na geti, na asilipwe hata senti kabla hati haijahuishwa. Mume wangu anasema nitamuudhi mzee atauza kwa mwingine. Hivi nikidai changu nakuwa nimekosa adabu? Na ile fomu, Shangazi, niisaini kwanza ndipo tuzungumze jina, au nimwambie jina langu liandikwe kwanza, hata kama atanuna? Benki inaitaka Ijumaa.

Mama wa nyavu, Kirumba