Barua ya malalamiko: nililipia ramani ya Davison, nikaletewa kompositi

Shangani,
Mtwara.
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KULETEWA RAMANI YA NYOTA ISIYO ILE NILIYOILIPIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita niliagiza kwenu ramani ya uhusiano ya Davison, yangu na ya mke wangu, pamoja na makadirio ya mwaka mmoja yanayotokana na ramani hiyo. Nililipa kwa simu bei yote mliyoitaja, na risiti ninayo. Kilichonifikia ni karatasi nzuri yenye jina la Davison juu, lakini ndani yake ni ramani ya kompositi. Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole kwamba ni kitu kilekile, majina tu ndiyo tofauti. Naandika kwa sababu si kitu kilekile, na karatasi yenu yenyewe inaonyesha hivyo.

Nianze na taarifa nilizowapa. Mimi nilizaliwa hapa Mtwara tarehe 30 Machi 1990 saa 2 asubuhi. Mke wangu alizaliwa Lindi tarehe 20 Septemba 1994 saa 4 usiku. Sote ni saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo hapakuwa na usumbufu wa kugeuza saa za nchi moja kuwa za nyingine.

Ramani ya Davison, kama alivyoieleza mnajimu Mwingereza Ronald Davison katika kitabu chake cha mwaka 1977, hutafuta kwanza wakati ulio katikati ya nyakati mbili za kuzaliwa, na mahali palipo katikati. Kutoka kuzaliwa kwangu hadi kuzaliwa kwa mke wangu ni siku 1,635 na saa 14. Nusu yake ni siku 817 na saa 19. Ukizihesabu kuanzia asubuhi ile ya Machi 1990, unafika saa 9 usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni 1992. Mahali nako hupatikana kwa kuchukua kati ya latitudo mbili na kati ya longitudo mbili, na kwetu sisi pakaangukia kwenye ukanda wa pwani baina ya Lindi na Mtwara, kama nyuzi 10 na dakika 8 kusini, nyuzi 39 na dakika 57 mashariki. Miji yetu iko jirani, kwa hiyo mahali hapabadilishi mambo sana. Uzito wote uko kwenye wakati. Baada ya hapo mnajimu huchora anga jinsi lilivyokuwa usiku ule, juu ya sehemu ile, kama vile anavyomchorea mtoto aliyezaliwa dakika hiyo.

Kompositi haifanyi hivyo. Iliyoenea zaidi kwa vitabu vya John Townley mwaka 1973 na Robert Hand mwaka 1975, yenyewe haitafuti wakati wowote. Inachukua Jua langu na Jua la mke wangu kwenye duara la nyota, inaweka Jua la ndoa katikati yao, kisha inafanya vivyo hivyo kwa Mwezi, kwa Utaridi, kwa Zuhura, mpaka sayari zote ziishe. Kila sayari inagawanywa peke yake bila kuitazama nyenzake. Sisemi ni ubabaishaji. Wapo wanajimu makini wanaoitumia na wanaridhika nayo. Ila anga la namna hiyo halijawahi kuwepo juu ya mtu yeyote, na mnapoiuza lazima mnunuzi aambiwe hivyo.

Sasa tazameni ukurasa wa pili wa ripoti yenu. Mmeandika Jua la ndoa yetu liko nyuzi 3 za nyota ya Kaa, na Zuhura iko nyuzi 1 za nyota ya Mbuzi. Hapo ndipo nilipojua. Kaa na Mbuzi hutazamana ana kwa ana kwenye duara. Zuhura iliyo hivyo ingekuwa inachomoza mashariki wakati Jua linazama magharibi, na usiku wa manane ingekuwa juu kabisa mbinguni. Muulizeni mvuvi yeyote wa Mikindani anayetoka na ngalawa usiku kama aliwahi kuiona Zuhura katikati ya anga usiku wa manane. Huiona magharibi baada ya Jua kuzama, au mashariki kabla ya mapambazuko, basi. Njia ya Zuhura iko ndani ya njia ya Dunia, kwa hiyo tukiitazama kutoka hapa haiwezi kuachana na Jua zaidi ya nyuzi 48 hivi. Kwenye karatasi yenu zimeachana nyuzi 178.

Kosa la hesabu si lenu, kompositi ndivyo inavyokwenda. Nimeirudia mwenyewe. Siku niliyozaliwa Jua lilikuwa takriban nyuzi 9 za Punda na Zuhura kama nyuzi 23 za Ndoo, ikilitangulia Jua alfajiri. Siku aliyozaliwa mke wangu Jua lilikuwa kama nyuzi 27 za Mashuke na Zuhura karibu nyuzi 10 za Nge, ikibaki nyuma jioni. Majua yetu mawili yamekaribia kutazamana, na njia fupi ya kutoka moja kwenda jingine inapitia upande wa Kaa, ndiyo maana kati yake ikawa Kaa. Zuhura zetu, kwa kuwa moja ilikuwa ya alfajiri na nyingine ya jioni, zimesogea upande wa pili wa duara, na njia yao fupi inapitia Mbuzi. Hivyo Jua likaenda huku, Zuhura ikaenda kule. Baadhi ya wanajimu wakiona hali hii huihamisha Zuhura upande wa pili ili ikae karibu na Jua. Nyinyi hamkuihamisha wala hamkusema lolote. Badala yake mkaandika aya nzima kwamba katika ndoa yetu “mapenzi na nafsi ya nyumba vinavutana pande mbili bila kukutana”. Mke wangu aliisoma aya hiyo kabla yangu. Naomba mfikirie hilo kidogo.

Katika ramani ya Davison mambo yamegeuka kabisa. Tarehe 13 Juni 1992 Zuhura ilipita nyuma ya Jua, na siku 12 baadaye, usiku wetu ule, ilikuwa bado haijaachana nalo. Jua nyuzi 3 za Kaa, Zuhura kama nyuzi 7 za Kaa hiyohiyo. Wawili hawa wako pamoja, hawatazamani. Wala siwadai habari njema. Wanajimu wa zamani husema sayari iliyo karibu hivyo na Jua imeungua, nguvu yake imefichwa na mwanga, na mnajimu mwaminifu angeniandikia hivyo. Ningeipokea, maana ndiyo niliyoilipia.

Najua kwa nini dada yule alidhani ni kitu kimoja. Jua limetoka nyuzi 3 za Kaa katika ramani zote mbili, na mtu akilinganisha mstari wa kwanza tu ataona zinafanana. Jua hutembea kwa mwendo unaokaribia kuwa sawa mwaka mzima, kwa hiyo wakati wa kati huliweka mahali palepale ambapo nyuzi za kati zingeliweka, au upande wa pili kabisa wa duara. Lau mke wangu angezaliwa tarehe ileile mwaka mmoja baadaye, 1995, kompositi isingetikisika, Jua lingebaki Kaa. Lakini wakati wa kati ungesogea miezi sita hadi Desemba 1992, na Jua la Davison lingekuwa nyuzi 3 za Mbuzi. Kompositi haijui ni miaka mingapi imepita kati ya watu wawili. Davison inajua.

Aliniuliza pia, na ni swali la haki, ndoa itakuwaje na tarehe ya mwaka 1992 wakati mke wangu alikuwa hajazaliwa na mimi nilikuwa mtoto wa miaka miwili. Ni kweli. Tarehe hiyo daima huangukia kabla ya kuzaliwa mdogo wa wale wawili, na sisi wenyewe hakuna kilichotupata usiku ule. Atakayeikataa Davison kwa sababu hiyo sitabishana naye. Lakini anga la usiku ule lilikuwepo, linaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye majedwali ya sayari, na linaweza kusogezwa mbele.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu la pili. Makadirio ya mwaka mliyoniuzia mmeyaita ya “siku moja kwa mwaka”. Njia hiyo inahitaji tarehe ya kuanzia. Kwa ramani ya Davison tungeanza 25 Juni 1992, na kwa kuwa Juni hii imetimia miaka 33, tungesogea siku 33 na kusoma anga la 28 Julai 1992. Kompositi mliyonipa haina tarehe. Niliuliza kwenye simu mlianza kuhesabu kutoka siku gani, na sikupata jibu hadi leo. Katika ripoti nzima hakuna tarehe, hakuna saa, hakuna latitudo wala longitudo, isipokuwa zile za kuzaliwa kwetu nilizozijaza kwenye fomu. Ramani ya Davison isiyo na vitu hivyo haiwezi kuwepo, na mteja mwingine asiyejua Zuhura inakaa wapi angeweza kuwatambua kwa hilo peke yake.

Kwa hiyo naomba mchague moja. Nitumieni ramani halisi ya Davison, ikiandikwa juu yake 25 Juni 1992, saa 9 usiku, pamoja na latitudo na longitudo, na nyota inayochomoza mashariki saa hiyo, ambayo kwa hesabu yangu ni Ng'ombe. Kama yenu itatoka tofauti, nionyesheni saa mliyotumia. Huenda “saa 4 usiku” ya mke wangu imeingizwa kwenye kompyuta kama 04:00 badala ya 22:00, na hapo wakati wa kati unarudi nyuma saa 9 na kuiharibu ramani yote. Makadirio nayo yaandikwe upya kutoka tarehe hiyo. Kama hamna mtu wa kuifanya kazi hii, nirudishieni fedha zangu zote kupitia namba iliyolipa.

Vilevile naomba muondoe jina la Davison kwenye tangazo la bidhaa hii mpaka mtakapokuwa mnaiuza kweli. Iiteni kompositi, na bei iwe ya kompositi.

Nitasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nakala ya ripoti yenu, risiti na hesabu zangu nimeviambatisha.

Wenu mteja,
Mtwara.