Kupata picha mbili kutoka kamera moja ya mhadhara

Mteja anatuletea faili moja tu. Ni mhadhara wa dakika 50, kamera imesimamishwa nyuma ya ukumbi, mhadhiri yuko kushoto, skrini ya slaidi iko kulia, na tangu mwanzo hadi mwisho hakuna kinachobadilika isipokuwa slaidi. Kisha anauliza: mnaweza kuifanya ionekane kama tulikuwa na kamera mbili?

Mara nyingi tunaweza. Tunachofanya ni kuchukua sehemu ya ile picha pana, tuseme mhadhiri kuanzia mapajani kwenda juu, na kuikuza ijaze fremu nzima. Tukiruka kutoka picha pana kwenda kwenye sehemu hiyo, bila kusogea polepole, mtazamaji anaamini kuna mpiga picha wa pili aliyekaa karibu. Lakini hila hii ina masharti, na mengi huamuliwa siku ya kurekodi, kabla faili haijatufikia.

Sharti la kwanza ni pikseli. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Video ambayo watu wengi hutazama, ya 1080p, inahitaji 1920 kwa 1080, yaani nusu kila upande. Kwa hiyo ukirekodi kwa 4K na kutoa video ya 1080p, unaweza kukuza mara mbili kamili kabla programu haijalazimika kubuni pikseli zisizokuwepo. Kama faili yenyewe ni ya 1080p, akiba hiyo huna. Ukikuza mara mbili, uso unakuwa kama umepakwa mafuta na herufi za slaidi zinayeyuka. Wateja wengine hutuomba video ya mwisho iwe 4K pia, wakidhani wanaongeza ubora, kumbe wanatunyang'anya nafasi yote ya kukuza.

Kwa wanaojaribu wenyewe, kuna mtego mmoja tunaokutana nao karibu kila tunapopokea mradi uliokwisha anzwa na mtu mwingine. Katika matoleo ya Premiere Pro yenye amri mbili zinazofanana, `Scale to Frame Size` na `Set to Frame Size`, zote hufanya picha ya 4K itoshee ndani ya fremu ya 1080p, na kwa macho huoni tofauti. Ya kwanza, hata hivyo, hushusha picha kwanza hadi 1080p, na ukikuza baadaye unakuza picha iliyokwisha punguzwa. Ya pili huacha pikseli zote zikiwepo. Ni rahisi kujua uko wapi: picha pana ikiwa imejaa fremu na `Scale` inasoma 100, umenaswa. Inatakiwa isome 50, ili ukifika 100 uwe umekuza mara mbili bila kupoteza kitu.

Sasa tuchukue mfano wenye vipimo. Mhadhiri amesimama kwa namna kwamba kutoka utosini hadi miguuni anachukua pikseli 1440, yaani theluthi mbili ya kimo cha fremu. Macho yake yako kwenye pikseli ya 1300 kutoka kushoto na ya 640 kutoka juu. Anawatazama wanafunzi walio upande wa kulia wa picha. Skrini ya slaidi inaanzia pikseli ya 2300.

Tunatafuta dirisha la 1920 kwa 1080 ndani ya picha hiyo. Kwa kimo, kanuni inayofundishwa kila mahali ni macho yakae theluthi ya juu, ambayo hapa ni pikseli 360 chini ya ukingo. Kanuni hiyo inafaa uso ukiwa mkubwa. Kwa mtu anayeonekana hadi mapajani, ingetuachia ukuta mtupu mwingi juu ya kichwa. Sisi tunayaweka macho robo ya kimo, pikseli 270, hivyo dirisha linaanzia 370 na kuishia 1450. Chini linamkata katikati ya paja, mahali pazuri. Picha inayomkata mtu kwenye magoti au vifundo vya miguu humfanya aonekane kama amekatwa kweli.

Kwa upana, kwa kuwa anatazama kulia, tungependa awe kushoto kidogo ili mbele ya macho yake pawe na nafasi. Tukimweka theluthi ya kushoto, dirisha litatoka 660 hadi 2580. Hapo ndipo penye tatizo: skrini inaanzia 2300, kwa hiyo ukingoni kutakuwa na kipande cha slaidi chenye pikseli 280, herufi zimekatwa nusu. Macho ya mtazamaji yatakwenda huko kila mara kujaribu kusoma. Ama slaidi ionekane yote, ama isionekane kabisa. Tunalisogeza dirisha hadi 360, likaishia 2280, na mhadhiri anakaa karibu na katikati. Nafasi mbele ya macho imepungua, ila hilo ni kosa dogo kuliko nusu slaidi. Katika Premiere mipangilio inakuwa hivi:

```
Picha pana:       Scale 50    Position 960, 540
Picha ya karibu:  Scale 100   Position 1560, 710
```

Namba za `Position` zinapatikana kwa kutoa: katikati ya picha ya 4K ni 1920 na 1080, toa 360 na 370, unabaki na 1560 na 710.

Angalia pia nini kingetokea kama mhadhiri angekuwa mdogo zaidi, tuseme nusu ya kimo cha fremu. Dirisha lilelile lingemwonyesha hadi chini ya magoti. Hiyo si picha ya karibu, ni picha pana nyingine. Ndiyo maana tunawasihi wateja wasiiweke kamera mbali wakachukua dari, pazia na viti vitupu. Picha pana inayotufaa ni ile inayomtosha mhadhiri na skrini yake, basi.

Kuna swali tunaloulizwa sana: kwa nini msikuze kidogo tu, asilimia 15 au 20, ili picha isiharibike? Kwa sababu mkato wa namna hiyo unaonekana kama hitilafu. Kamera mbili za kweli hutofautiana kwa mahali zilipo, hivyo mandhari nyuma ya mtu hubadilika. Kwetu kamera haijasogea, ukuta nyuma ya mhadhiri ni uleule na unakaa vilevile nyuma ya bega lake. Kilichobaki kubadilika ni ukubwa tu, na ukubwa huo lazima ubadilike waziwazi. Chini ya mara moja na nusu sisi hatushuki. Tukiweza, tunakwenda mara mbili. Na tunabaki na saizi mbili. Ya tatu katikati huleta mruko mdogo, na mtazamaji anaanza kuhisi mkono wa mhariri.

Tukishapata picha mbili, kazi kubwa ni kuamua wapi pa kuruka. Hatukati kila baada ya sekunde kadhaa. Tunasikiliza. Mhadhiri anaposema "Sasa tuache nadharia, tuangalie mfano," kuna pumzi kabla ya neno "sasa", na hapo ndipo tunaingia kwenye picha ya karibu. Slaidi mpya inapoingia tunakuwa tayari tumerudi kwenye picha pana, na tunakaa huko hadi mtu awe ameisoma. Akinyoosha mkono kuelekea skrini, picha pana. Akianza kutembea, picha pana pia, na tunarudi kabla ya hatua ya kwanza, si baada ya mkono wake kutoka nje ya fremu. Unaweza kuifanya picha ya karibu imfuate kwa kusogeza `Position` polepole, lakini mwendo wa kompyuta ni laini kupita kiasi, hauna ule uzito wa mkono wa mtu, na unajulikana.

Faida inayolipa zaidi ni kuficha palipoondolewa. Mhadhiri amekohoa, akanywa maji, akatafuta alipoishia, sekunde 20 zimepotea. Ukizitoa na kubaki kwenye picha ileile, mwili wake unaruka. Ukitoka kwenye pana na kuingia kwenye ya karibu mahali hapohapo, jicho tayari linajipanga upya na mruko hauonekani. Ila mikono iangaliwe: kama ilikuwa juu ya meza kabla na iko hewani baada, tunasogeza mkato mbele au nyuma hadi ifanane. Na tunatazama vitu vinavyosema ukweli. Glasi iliyojaa ambayo ghafla ina nusu, au saa ya ukutani, imeshatuumbua. Siku hizi saa ikiwa ndani ya dirisha tunalisogeza dirisha.

Picha ya karibu hutoka tofauti kidogo na pana hata pikseli zikitosha. Picha pana imefinywa kutoka 4K, na kufinya huko hunoa kingo na kuficha chembechembe za giza. Picha ya karibu inaonyesha pikseli moja kwa moja, hivyo ni laini zaidi na ina chembechembe zinazotambaa ukutani. Tunapunguza chembechembe kwenye ya karibu, tunainoa kidogo, kisha tunaruka kwenda na kurudi mara kadhaa kuona kama zinafanana. Ukumbi uliozimwa taa ili projekta ionekane ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa kamera imelazimika kuikuza nuru hafifu, na chembechembe zimeshakula sura ya uso. Hapo wakati mwingine tunamwambia mteja tuishie mara moja na nusu.

Kitu kimoja hatuwezi kukirekebisha: fokasi iliyokwenda kwenye skrini badala ya mhadhiri. Kwenye picha pana kosa hilo halionekani. Ukikuza mara mbili linajitokeza lote. Mtetemo wa kamera nao hukua vilevile, kwa hiyo stendi isiwe mahali watu wanapopita.

Kwa anayetaka kutuletea kazi, rekodi kwa 4K, funga fokasi kwenye uso wa mhadhiri kamera ikiwa imekuzwa hadi mwisho kisha urudishe picha pana, na usisogeze fokasi tena. Hilo linategemea lenzi isiyobadilisha fokasi inapokuzwa, kwa hiyo baada ya kurudi, ikuze picha kwenye skrini ya kamera, bila kugusa lenzi, uhakikishe uso bado uko sawa. Tutumie faili ya asili kutoka kwenye kadi, si iliyopitia WhatsApp, kwa sababu kule hufinywa na akiba yote ya pikseli hupotea. Kama huna uhakika, tutumie dakika moja ya mwanzo na moja ambayo mhadhiri anatembea. Tutakurudishia vipande hivyo vikiwa na mkato ndani yake, na utaona mwenyewe kama mara mbili inawezekana au tuishie pungufu.